Je, mwalimu tarajali aandike makosa ya wanafunzi kwenye mpango wa mada ya sehemu?

Mwalimu tarajali, Iringa

Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la tano, na mada yangu ni kujumlisha sehemu. Chuoni tulitakiwa mpango wa mada uwe na safu mbili za ziada: dhana potofu wanazokuwa nazo wanafunzi, na shughuli ya kurekebisha kila moja. Niliandika kwamba wapo watakaojumlisha 1/2 + 1/3 wakapata 2/5, na kwamba nitaliweka jibu hilo ubaoni tulijadili. Mwalimu mwenyeji amezikata safu zote mbili kwa kalamu nyekundu. Anasema nawapandikizia watoto makosa ambayo hawakuwa nayo. Nani yuko sahihi?

Mwalimu wa hisabati sekondari, Dodoma

Huyo mwenyeji namuunga mkono. Kidato cha kwanza napokea watoto wanaoandika 2/5 hiyo hiyo, na sijaona hata mmoja ambaye tatizo lake lilihitaji mjadala. Hajui njia, basi. Mfundishe atafute KDS ya asili, agawanye kwa kila asili, azidishe kwa kiasi, ajumlishe. Mpatie maswali kumi leo na kumi kesho mpaka mkono uzoee. Ukiweka jibu baya ubaoni, yule anayeandika taratibu atalinakili kwenye daftari, na siku ya mtihani ndilo atakalolikumbuka.

Mkufunzi mstaafu, Morogoro

Mwalimu wa Dodoma, hilo la daftari ni kweli na nitalirudia. Lakini hili la kwamba hajui njia linanipa shida, kwa sababu makosa yenyewe hayafanani.

Wape watoto 1/2 + 1/3 bila kuwaambia lolote, kisha usihesabu waliopata na waliokosa. Soma majibu yenyewe. Utakuta 2/5, ndiyo. Utakuta pia 2/6, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Aliyeandika 2/6 ameipata KDS. Amejua ni 6, ameiandika chini vizuri, halafu juu akajumlisha moja na moja kama zilivyokuwa. Njia yako anayo nusu yake. Kwake asili mpya ni pambo tu, haijaibadilisha namba ya juu. Ukimpa maswali kumi mengine atayafanya yote kumi kwa mtindo huo huo na mkono utazoea kweli, ila utazoea kosa.

Sasa tazama majibu hayo yanasema nini. 2/5 haifiki nusu, na mtoto alianza na nusu kisha akaongeza kitu. 2/6 ni theluthi ile ile, maana yake nusu aliyokuwa nayo imepotea. Hakuna hata mmoja wao anayeliona hilo, kwa kuwa kwao 1/2 si kiasi cha kitu, ni namba mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo dhana potofu. Majibu mawili yale ni dalili zake tu.

Kwa hiyo, mwanangu wa Iringa, safu zako zirudi, ila uziandike upya. Usiandike "mwanafunzi atakosea kujumlisha". Andika jibu utakaloliona, fikra iliyolizaa, na swali moja litakalomfanya mwanafunzi mwenyewe alikatae.

Mzee wa Tanga

Naona vijana mnabishana kama sehemu zifundishwe kwa maneno au kwa namba. Sisi tulizijua kabla ya kwenda shule. Kwa mirathi ya Kiislamu, mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha mtoto. Marehemu babu aliigawa shamba mafungu ishirini na manne, mke akapewa matatu, mama manne, mtoto kumi na saba. Hakuna aliyesema thumuni ni kubwa kuliko sudusi eti kwa kuwa nane inazidi sita. Mwanamke aliyeambiwa hivyo angekuja na wakili. Ila wajukuu zangu niliwachanganya siku moja, maana sarafu yetu ya senti hamsini nayo tuliiita thumuni, na ile ilikuwa nusu shilingi.

Mwalimu wa darasa la nne, Tandahimba

Shikamoo mzee. Hukujibu swali lililoulizwa, lakini umenipa kitu, nami nitakitumia.

Mimi nina jambo langu. Wiki iliyopita mtoto aliandika 7/10 + 12/20 = 19/30. Nikamwekea mkasi. Akanijia na daftari la mazoezi ananiuliza, mbona wewe mwalimu ulifanya hivi? Kweli, jaribio la kwanza alipata 7/10, la pili 12/20, na chini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu jumla 19/30. Sikuwa na jibu. Nilimwambia hizo ni alama, si sehemu, na nikaona usoni kwamba hakuridhika. Mimi mwenyewe sikuridhika. Mkufunzi, mtoto yule alikosea wapi?

Mkufunzi mstaafu, Morogoro

Mama, hakukosea kufikiri. Swali lake ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Alama ulizojumlisha ziko kwenye karatasi mbili. Maswali kumi ya kwanza na ishirini ya pili yakawa rundo moja la maswali thelathini, na yeye amepata kumi na tisa katika rundo hilo jipya. Kizima kimebadilika. Tunapojumlisha sehemu, kizima ni kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni ukanda mmoja, shamba moja, saa moja. Mtoto ameona kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini kukikubaliwa na mwalimu wake kila mwisho wa mwezi, akakihamishia mahali kisipofaa. Kwa hiyo Iringa hatapandikiza chochote. Kosa hilo liko darasani tayari, limeingia na daftari la alama.

Dawa yake naichukua kwa mzee. Mafungu yake ishirini na manne yanatosha somo zima. Kata kanda za karatasi za sentimita 24, zote sawa, kila wanafunzi wawili ukanda mmoja. Wapime nusu, sentimita 12, wapake rangi. Waendelee pale pale ilipoishia nusu, wapime theluthi, sentimita 8. Rangi imefika 20. Sasa waulize 2/5 ya ukanda huu ni ngapi. Humusi moja ni sentimita 4.8, mbili ni 9.6. Hapo usiseme neno. Mtoto anaona 9.6 iko nyuma ya 12 aliyoanza nayo. Yule wa 2/6 naye apime: atapata 8, akute ni theluthi tupu. Mwishoni ndipo waukunje ukanda mafungu sita ya sentimita nne nne, waone rangi imejaza matano. Hapo KDS ya Dodoma ina kazi, kwa sababu mtoto anajua sita inatafutwa ya nini.

Mwalimu wa hisabati sekondari, Dodoma

Hiyo ya 2/6 nakubali, sikuwahi kuitenga na 2/5. Nilikuwa naweka mkasi zote mbili na kusonga mbele. Lakini darasa la watoto tisini, kipindi dakika 40, kanda na rula utazitoa wapi? Na la daftari bado hujanijibu.

Mwalimu tarajali, Iringa

Narudi baada ya siku nane. Mwalimu mwenyeji alikubali nijaribu kwa vipindi viwili, kwa sharti jibu baya lisiandikwe ubaoni. Kanda nilikata kwenye magazeti ya zamani na kuzichora alama za sentimita usiku, maana rula zilikuwa chache. Kabla ya somo nilitoa swali moja kwenye vikaratasi visivyo na majina, nikavigawa mafungu kwa aina ya jibu, si kwa alama. Fungu la 2/5 lilikuwa kubwa kuliko yote. Fungu la 2/6 lilikuwepo kweli. Kuna fungu sikulitarajia, la 1/6. Nilipouliza, mmoja akasema moja mara moja ni moja, mbili mara tatu ni sita. Alikuwa amezidisha, kwa kuwa ndiyo njia aliyoikumbuka.

Kwa kanda, kazi ilienda vizuri, walicheka walipoona 9.6. Kinachoniumiza ni siku iliyofuata. Niliwapa 1/4 + 1/3 kwenye daftari, bila kanda, na wengi waliokuwa wameielewa jana wakaandika 2/7.

Mkufunzi mstaafu, Morogoro

Usiumie, hapo ndipo mipango mingi ya mada inapokatika. Ukanda uko upande mmoja wa kichwa, daftari upande mwingine, na hakuna aliyejenga daraja. Mtoto anaiona shughuli ya jana kama kazi ya mikono na ya leo kama hisabati.

Marekani mwaka 1978, katika upimaji wao wa kitaifa, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie tu 12/13 + 7/8, wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia kizima, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolichagua walikuwa asilimia 24. Wengi walikwenda 19 na 21, yaani walijumlisha za juu au za chini. Hao hawakukosa njia ya kukokotoa, hawakutakiwa hata kukokotoa.

Kwa hiyo kwa wiki mbili kila swali lianze na mstari mmoja kabla ya kukokotoa: jibu litazidi nusu au halitafika? Kwa 1/4 + 1/3, robo na robo ni nusu, na theluthi inaizidi robo, basi jibu litazidi nusu. 2/7 haifiki. Mtoto aifute mwenyewe. Mara ya kwanza wafanye hivyo ukanda ukiwa mezani chini ya daftari, wachore mstari wa namba mbele ya swali, na ukanda uondoke baadaye. Fungu lako la 1/6 nalo litaanguka kwa swali hilo hilo, maana sudusi haifiki hata robo.

Kuhusu ubao, Dodoma, mimi ningeliandika jibu baya baada tu ya watoto wote kujaribu, bila jina la mtu, kalamu zikiwa chini, na kabla ya kengele lifutwe wote wakiona na sababu ikisemwa na mtoto. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siwezi kuapa kwamba hakuna hata mmoja aliyelinakili.

Mwalimu wa hisabati sekondari, Dodoma

Basi hapo tunabaki tofauti. Vikaratasi vya Iringa vimefanya kazi ile ile bila ubao.

Mwalimu wa darasa la nne, Tandahimba

Mimi nimeanza na daftari la alama. Siandiki tena 19/30. Naandika "kati ya maswali 30, umepata 19". Mtoto wangu yule ameuliza kwa nini nimebadilisha, na Jumatatu yeye ndiye atakayewaeleza wenzake.

Mwalimu tarajali, Iringa

Safu nimezirudisha, za majibu matatu: 2/5, 2/6 na 1/6. Mwenyeji amesaini. Pembeni ameandika kwa kalamu ile ile nyekundu: "Na kutoa? 3/4 kutoa 1/3 watapata 2/1." Nimeijaribu leo kwenye vikaratasi. Zipo nyingi, na wawili wameandika jibu ni 2.