Gumzo la kikundi: Wapangaji Geti Moja

Mama Tumaini (Katibu) 19:04
Habari za jioni jamani. Mkataba wa Musa wa getini unaisha mwisho wa mwezi. Fomu ya kumpima nimeituma tangu juzi, mmeisoma karibu wote, waliojaza ni wawili tu. Vipengele ni vitano: uaminifu, bidii, nidhamu, uchangamfu, umakini. Mnatoa alama 1 mpaka 5. Kila nyumba ijaze kabla ya saa 4 usiku leo.

Mama Tumaini (Katibu) 19:31
???

Sudi wa Juu 19:33
Umakini wa mchana au wa usiku? Maana usiku yuko makini sana, hapotezi hata ndoto moja 😂

Mama Bakari 19:35
Uaminifu mimi nampa 1. Sababu mnaijua.

Mwalimu Pendo 19:36
Mama Bakari, tusirudi huko.

Mama Bakari 19:36
Kwani tulishatoka?

Baba Irene 19:44
Mama Tumaini, nimeziangalia hizo fomu mbili. Moja imempa Musa 5 kwa bidii, nyingine 2. Aliyempa 5 anarudi jioni na Musa humpokea mizigo. Aliyempa 2 anatoka alfajiri na kumkuta kajifunika shuka kibandani. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja amepima dakika zake za kupita getini. Tukijaza wote tutapata wastani wa nani anampenda na nani hampendi.

Mama Tumaini (Katibu) 19:46
Na wakati naiandaa ulikuwa wapi Baba Irene? Haya, lete mbadala. Leo leo.

Baba Irene 19:53
Futa sifa zote tano. Andika kitendo ambacho hata mtu asiyemjua Musa akisimama pale atakiona. Kwenye "umakini" weka: "Mgeni akifika, humpigia simu mwenyeji kabla ya kufungua geti." Kwenye "nidhamu": "Haachi geti mpaka wa zamu inayofuata amefika na wote wawili wamesaini daftari la makabidhiano." Sentensi ikimlazimisha anayejaza akuulize unamaanisha nini, bado haijaiva.
Na alama ziwe za mara ngapi: kila mara, mara nyingi, mara chache, hajawahi. Ongeza safu ya "sikuona". Wengi wetu saa 8 usiku tumelala, hatujui kama alizunguka nyuma. Bila safu hiyo mtu atakisia.

Sudi wa Juu 19:55
Kuna safu ya "niliona shuka"?

Baba Irene 19:58
Sudi unatania lakini hapo ndipo tunapokosea zaidi. Wiki iliyopita uliandika humu "Musa alikuwa amelala." Ulimwona?

Sudi wa Juu 19:59
Nilipiga honi mara tatu mzee. Geti limefunguliwa nimeshazeeka.

Baba Irene 20:04
Basi andika hicho: tarehe, saa 9 na dakika 20 usiku, honi mara tatu, geti limefunguliwa baada ya dakika kama sita, taa ya kibanda imezimwa. Uishie hapo. "Amelala" umekisia wewe. Anaweza kuwa alikuwa ukuta wa nyuma, na kule honi haisikiki vizuri pampu ya maji ikiwa imewashwa. Ukiwa na saa kamili tunafungua daftari la matukio: kama kuna mzunguko umeandikwa muda huo, ana jibu. Kama hakuna, tunamuuliza. Ukiniletea "amelala" peke yake, yeye atasema hakulala, tutabaki tunaangaliana. Na uandike usiku huo huo, maana mwisho wa mwezi kila mtu anakumbuka tukio la juzi tu.

Mwalimu Pendo 20:07
Mnalikuza jambo dogo. Mwaka huu hakuna aliyeibiwa. Si ina maana kazi anaifanya? Tupime matokeo, basi.

Mama Bakari 20:07
HAKUNA ALIYEIBIWA???

Mwalimu Pendo 20:08
Mwaka huu, nimesema.

Baba Irene 20:12
Mwalimu, wizi hautokei mara nyingi kiasi cha kumpimia mtu. Mlinzi anaweza kukoroma mwaka mzima na mwizi asije. Mwingine anazunguka kila siku, anaugua siku moja, wanaingia. Ukipima kwa wizi unapima bahati.

Mwalimu Pendo 20:15
Sawa. Basi kila akizunguka atume picha kwa katibu. Picha haidanganyi.

Baba Irene 20:21
Nusu yake naikubali, kwa kuwa inahesabika. Lakini picha nne unaweza kuzipiga kwa mzunguko mmoja saa 4 usiku, ukazituma moja moja mpaka alfajiri. Kwa hiyo kila picha ionyeshe kitu kinachobadilika, mfano namba za mita ya maji kule nyuma. Tangi linajaa na watu wanaoga, namba hazigandi usiku kucha.
Na tusimpangie saa maalumu, hata aliye nje ya ukuta ataijua. Tuseme mizunguko minne kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, angalau miwili iwe baada ya saa 8. Saa achague mwenyewe.

Bi. Shufaa 20:24
Samahani nimechelewa, naona mnaongelea maji. Bomba la kwangu bado linavuja na fundi alikuja. Na huyu anayedeki ngazi naye mbona hapimwi? Ngazi zinang'aa asubuhi, mchana nikishuka ni vumbi tupu.

Mama Tumaini (Katibu) 20:25
Bi. Shufaa tuko kwa Musa kwanza.

Baba Irene 20:29
Kwa ufupi tu Bi. Shufaa: ngazi zikiwa na maji zote zinang'aa. Zitazame zikikauka. Ukiona michirizi ya kijivu, ni ndoo moja ya maji imeshuka nayo ghorofa zote. Andika "hubadilisha maji kila ghorofa" na "kitambaa cha choo hakigusi sinki". Msiandike "msafi".
Ila huyo fundi wako amenikumbusha. Alikuja lini?

Bi. Shufaa 20:31
Jumanne. Saa 7 mchana hivi, adhana ilikuwa imeshapita. Kwani amefanya nini?

Baba Irene 20:40
Hajafanya kitu. Jana nilifungua daftari la wageni, ukurasa wa Jumanne hiyo. Wageni tisa. Saa za kuingia ni 3:00, 3:30, 4:00, 4:30, hivyo hivyo mpaka chini. Wageni hawaji kwa kengele kama wanafunzi. Wino ni mmoja, mwandiko umelala upande mmoja mwanzo mpaka mwisho, na safu ya kutoka ni tupu kwa watu sita. Ukurasa huo umejazwa jioni kwa kumbukumbu. Fundi wa Bi. Shufaa hayumo kabisa.
Nikachagua majina matano nikawauliza wenyeji wao. Wanne walikubali mgeni alikuja. Waliopigiwa simu kabla ya geti kufunguliwa ni wawili.

Mama Bakari 20:41
Si nilisema. Uaminifu 1.

Baba Irene 20:47
Hapana mama. Hapo unaandika "hurekodi mgeni wakati anaingia: mara chache", halafu unatafuta sababu. Daftari liko mezani ndani ya kibanda, geti liko upande wa pili, na gari linapiga honi nyuma ya mgeni. Anafungua kwanza, anaandika baadaye. Tukitundika daftari na kalamu kwenye nguzo ya geti, tukakagua tena kwa wiki mbili na bado saa zimepangwa nusu saa nusu saa, hapo kosa ni lake.
Vivyo hivyo mizunguko. Tochi yake haina betri. Asichopewa kifaa chake hakipimwi.

Mama Bakari 20:50
Na mtungi wangu wa gesi? Ulitoka getini mchana kweupe, begani kwa mtu, Musa akamfungulia na kumwambia pole kwa mzigo. Hicho si kitendo kinachoonekana? Mbona hamna safu yake?

Sudi wa Juu 20:51
Uchangamfu 5 🙈

Mama Tumaini (Katibu) 20:51
SUDI.

Baba Irene 20:55
Ni kitendo kabisa, na kinastahili sentensi yake: "Mzigo mkubwa ukitoka, humpigia mwenye nyumba kabla ya kufungua." Swali langu ni moja. Siku ile alikuwa ameshapewa agizo hilo?

Mama Tumaini (Katibu) 21:02
Nimeangalia daftari la vikao. Agizo la mizigo inayotoka tulilipitisha baada ya mtungi. Kabla ya hapo aliambiwa aangalie wanaoingia tu.

Mama Bakari 21:03
Akili ya kawaida nayo inataka kikao?

Mzee Hamisi 21:20
Nimesoma yote. Mtu hahukumiwi kwa agizo alilopewa baada ya jambo kutokea. La mtungi lisiingie kwenye karatasi ya Musa. Mama Bakari, dai lako ni la kweli, lakini wa kudaiwa ni sisi tuliomweka getini bila kumwambia azuie nini. Na hiyo karatasi aione yeye kwanza kabla ya kujazwa na yeyote.

Mwalimu Pendo 21:22
Shikamoo mzee. Tumesikia.

Mzee Hamisi 21:23
Marahaba.

Mama Tumaini (Katibu) 21:41
Naona kimya. Basi naandika upya, sentensi tano:
1. Humpigia mwenyeji kabla ya kumfungulia mgeni.
2. Huandika jina, nyumba na saa mgeni akiwa bado getini, na saa ya kutoka.
3. Huzunguka mara nne usiku, mbili baada ya saa 8, kwa picha ya mita.
4. Haachi geti kabla ya makabidhiano kusainiwa.
5. Mzigo mkubwa hautoki bila simu kwa mwenye nyumba.
Baba Irene atamsomea Musa kesho. Nataka watu wawili wa kukagua daftari kila Jumapili, kila mmoja ajaze peke yake bila kuongea na mwenzake. Nani na nani?

Mama Tumaini (Katibu) 21:58
Wawili tu jamani.

Baba Irene 22:03
Mimi nisiwe mkaguzi, nimeshatoa maoni mengi juu yake. Na hayo ya 2 ni mambo mawili kwenye sentensi moja. Anaweza kuandika kuingia na kusahau kutoka, utampa alama gani? Yatenganishe.

Mwalimu Pendo 22:05
Na mkataba je? Wiki mbili za kukagua zinavuka mwisho wa mwezi. Tumwongezee mwezi mmoja au tumsainishe kabisa?

Mama Tumaini (Katibu) 22:06
Mzee Hamisi unasemaje hapo?

Mama Bakari 22:30
Jumapili ya kwanza nakagua mimi. Nitaandika ninachokiona tu. Mzee nimekusikia, lakini na hilo la kudaiwa ninyi nimelisikia pia. Nasubiri.

Sudi wa Juu 22:34
Mchango wa mtungi huo unanukia 🏃

Nyumba Na. 9 23:17
Samahani nilikuwa kazini. Fomu nimeshajaza, Musa nimempa 4 kote.

Mama Tumaini (Katibu) 23:18
Fomu ipi tena, Namba 9? Soma juu. Na betri za tochi nani ananunua? Mkaguzi wa pili bado sijampata.