Fundi Kariakoo kala 25,000 yetu, picha ilikuwa kwenye tupio la simu

Wakuu, nina hasira. Mdogo wangu alikuwa anapunguza picha kwenye galari ya simu ya mama, akafuta na picha ya marehemu baba akiwa Feri. Ba'mdogo ndiye aliyeituma kwenye grupu la ukoo, na simu yake ilishaibiwa.

Tukampelekea fundi. Hakuuliza ilifutwa lini wala ilifutiwa wapi. Alichosema: "Picha za chati hazina tupio, hizi mpaka programu." Akalamba 25,000, akatutolea vipicha vidogo vyenye ukungu, eti ndiyo mwisho.

Jioni binamu yangu akafungua galari, akagusa vidoti vitatu, akaingia kwenye tupio. Picha hiyo hapo, nzima, na siku zilizobaki zimeandikwa chini yake! Akairudisha, ikaenda kwenye folda yake ya zamani, na ndani ya chati ikafunguka kama kawaida. Nimemrudia fundi, anasema hela ya kazi hairudi. Kazi gani? Huu ni wizi.

Mzee_Ilala: Pole kijana. Ila tupio linatunza siku 60, mlikuwa na muda wa kutosha.

MamaTwins_Mbagala: Mbona mimi nimefuta ya kwangu juzi na tupio ni tupu? Ilikuwa risiti ya kiwanja.

FundiAsiyeharakisha: Mzee, siku 60 ni za Google Photos, tena kwa picha iliyokwisha kupandishwa kule. Isiyopandishwa ni 30, na galari nyingi za simu ni 30 pia. Folda ya picha za WhatsApp haipandishwi mpaka uiwashe mwenyewe, kwa hiyo wengi wetu tuhesabu 30.

Mama Twins, wewe ulifutia wapi? Ukifutia ndani ya chati, kuna kiboksi kinachouliza kama faili lifutwe na kwenye simu. Kikiwa na tiki, linaondoka moja kwa moja, galari haihusiki. Hapo muombe aliyekutumia, au yeyote aliyeipakua, maana kila mmoja ana nakala yake.

Na ukifutia kwenye galari halafu tupio lisionekane, fungua programu ya mafaili, washa mafaili yaliyofichwa. Android 11 kwenda juu hulibadilisha faili jina tu, linakuwa hivi:

```
.trashed-1735689600-IMG-20241202-WA0007.jpg
```

Hiyo namba ndefu ni saa ya kufutwa kabisa. Programu za kurudisha picha mara nyingi huambulia vile vipicha vya ukungu tu.

Mzee_Ilala: Si angefuta tu WhatsApp akaiweka upya, vyote vikarudi?

FundiAsiyeharakisha: Vinarudi vya bakapu ya mwisho tu, Mzee. Meseji zilizoingia baada ya hapo zinapotea, na kama bakapu haikubeba picha, huzipati.

MamaTwins_Mbagala: Nilifutia kwenye chati. Aliyenitumia ni dalali, na hapokei simu.

Mwenye uzi: Dada, usimpe fundi hela kabla hajakuuliza hilo swali. Kuna anayejua pa kumshitaki wa kwangu? Risiti hakunipa.