Nimeomba ushauri wa chakula cha mtoto mwenye mzio wa karanga, mnanitajia mnavyopenda ninyi!

Mleta uzi:
Wakuu, nina hasira. Jana mchana tulikuwa hoteli moja hapa Mwanza, nikapiga picha menyu na kuiweka humu. Nikaandika wazi: mwanangu ana miaka 6, akila karanga midomo inavimba na kifua kinabana, pilipili hali, samaki anapenda. Tumwagizie nini?

Majibu yakamiminika. "Sato rosti!" "Dagaa wa pale si mchezo!" "Usikose mboga za majani!" Dagaa na majani ndivyo vinavyoungwa karanga mara nyingi huku kwetu, na menyu imeandika "mboga za majani" tu. Mhudumu akaniambia hazina karanga. Nikaenda mpaka jikoni. Mpishi akasema majani ya maboga ameyaunga kwa karanga za kusaga. Mtoto angekula yale majani, saa hizi tungekuwa hospitali. Kama hujasoma masharti, unajibu ili iweje?

Mpishi wa Nyegezi:
Pole dada. Mhudumu hapiki, na karanga zikishasagwa zikaiva ndani ya mboga huzioni. Siku nyingine mfuate mpishi umuulize, "Mboga mmeunga na nini?" Hapo ataitaja mwenyewe. Kwa menyu ile ningempa sato wa kuchoma, ugali wa sembe na kachumbari isiyo na pilipili. Rosti ningeiacha, maana mchana wateja wakijaa, upawa wa mboga ndio huohuo unaingia kwenye mchuzi wa samaki. Na usiseme mtoto hapendi mboga, watamwekea pembeni ya sahani. Sema akila anaumwa.

Babu Kirumba:
Nazi nayo mnyime, ni jamii moja na karanga. Ila karanga zikichemka sana hazina madhara.

Mpishi wa Nyegezi:
Hapana mzee wangu. Karanga ni jamii ya kunde na maharage. Nazi ni mnazi. Yupo anayedhurika na nazi, lakini huo ni mzio wake mwingine. Na kuchemsha hakuzifanyi karanga ziwe salama kwa mwenye mzio.

Kaka wa Igoma:
Mimi nina vidonda vya tumbo, sato wa kukaanga ananiletea kiungulia. Kwenye menyu hiyo nile nini?

Mleta uzi:
Kaka, fungua uzi wako! Hapa tunaongelea mtoto anayeweza kukosa pumzi.
Mpishi, asante. Huyo sato wa kuchoma wanampaka mafuta gani?

Mpishi wa Nyegezi:
Kila jiko na lake. Mimi napaka alizeti ambayo haijatumika. Wapo wanaochota kwenye karai walilokaangia vitu vingine. Pale ulipokwenda, kamuulize anayesimama kwenye jiko la mkaa, kabla samaki hajawekwa.

Mleta uzi:
Na wavu je? Wanauosha?

Mpishi wa Nyegezi:
Wengi wanaukwangua tu, dada.