Tupeane uzoefu: brekauti ya kweli na ya uongo, volyumu na ritesti zinakuambia nini?

Msoma Chati
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa jambo moja. Bei imekaa chini ya rezistansi kwa wiki kadhaa, leo imefunga juu yake. Kabla hujaweka oda unaangalia nini kwenye volyumu? Na ikirudi kugusa pale ilipovunja, unajuaje kwamba inapumzika na si kwamba inarudi ilikotoka? Tuleteeni vipimo. "Chati ilinivutia" si kipimo.

Kijana wa Pipsi
Mbona rahisi, mkuu. Chukua wastani wa volyumu ya mishumaa 20 iliyopita. Mshumaa unaovunja ukifikisha mara 1.5 ya wastani, brekauti ni ya kweli, ingia. Usipofikisha, ni feki, kaa pembeni. Ritesti ni ya waoga, ukiisubiri bei inakuacha kituoni.

Mama Mizani
Kijana, nusu ya maneno yako nayakubali. Volyumu ndogo kwenye brekauti ni dalili mbaya kweli, maana hakuna mnunuzi mkubwa aliyekuja. Lakini volyumu kubwa peke yake haithibitishi kitu.

Jiulize juu ya rezistansi kumekaa nini. Kuna stoplosi za wote waliouza pale dari. Stoplosi ya muuzaji ni oda ya kununua. Bei ikipenya kidogo tu, zinafyatuka kwa pamoja, na volyumu inaruka bila mnunuzi mpya hata mmoja. Zikiisha, hakuna anayesukuma tena na bei inadondoka. Kwenye chati utaona nguzo ya volyumu ndefu ileile unayoisifia.

Kwa hiyo volyumu isomwe pamoja na umbo la mshumaa. Volyumu ikiwa mara mbili ya wastani, mwili uwe mrefu na bei ifunge karibu na kilele. Ukikuta volyumu mara mbili na nusu, mwili mfupi na utambi mrefu juu, ujue kuna mtu mwenye mzigo amekaa pale na kila anayenunua anauziwa. Nguvu nyingi imetumika, mwendo haupo. Hiyo naiogopa kuliko brekauti yenye volyumu ndogo.

Dhahabu Tupu
Naomba kuuliza kuhusu chati niliyonayo. XAUUSD, taimfremu ya M5. Imevunja rezistansi ya asubuhi, volyumu karibu mara 4 ya wastani, mwili mrefu, imefunga kileleni kabisa. Vigezo vyote vya Mama Mizani vipo. Mishumaa mitatu baadaye iko chini ya ilipovunja. Tatizo liko wapi?

Fundi Rejista
Ilivunja saa ngapi? Kama ni saa 8:30 asubuhi ya New York, takwimu nyingi za uchumi za Marekani hutoka dakika hiyo. Hapo volyumu huruka pande zote mbili, na spredi hupanuka.

La pili, ile volyumu ya MetaTrader kwenye dhahabu au foreksi ya spoti si kiasi kilichonunuliwa. Ni hesabu ya mara ngapi bei ya broka wako ilibadilika ndani ya mshumaa. Ndiyo maana wanaiita `Tick Volume`. Soko la spoti halina jengo moja linalojumlisha miamala yote, kwa hiyo brokas wawili watakuonyesha nguzo tofauti kwa dakika ileile. Inakupa picha ya pilikapilika, lakini isome kwa kulinganisha na yenyewe tu, saa kwa saa. Ukitaka volyumu halisi ya dhahabu, angalia mkataba wa fyucha wa `GC` kule COMEX, au `6E` wa CME kwa yuro.

Dhahabu Tupu
Ni dakika hiyohiyo, kaka. Nimekuelewa.

Mgeni Mpole
Samahani wakuu, mimi bado mgeni. Kwenye dirisha la oda kuna sehemu imeandikwa `Volume`. Kwenye brekauti ya kweli niweke 0.10 au 0.50? Kuna sehemu mmesema mara 1.5, sijajua ni 1.5 ya nini.

Msoma Chati
Hapana ndugu yangu, subiri kwanza! Hiyo `Volume` ya dirisha la oda ni loti zako mwenyewe, ukubwa wa oda unayoweka. Sisi tunazungumzia nguzo zilizo chini ya chati, zinazoonyesha shughuli za soko. Jina moja, vitu viwili. Usiongeze loti kwa sababu nguzo ni ndefu. Loti hupimwa kwa umbali wa stoplosi yako na kiasi unachokubali kupoteza, hakuna kingine.

Mama Mizani
Umefanya vizuri kuuliza, mwanangu. Wengine hawaulizi.

Nitachora mfano mmoja wa hisa kwenye chati ya siku. Namba nimezitunga ili hesabu ionekane.

Hisa imezunguka kati ya 46 na 50 kwa wiki saba. Dari si mstari mmoja. Imerudishwa mara tatu kati ya 49.80 na 50.10, basi huo ukanda mzima ndio rezistansi. Wastani wa volyumu ya siku 20 ni hisa 800,000.

Jaribio la kwanza: inapanda hadi 50.70, inafunga 50.15, volyumu 720,000, yaani mara 0.9 ya wastani. Imefunga juu ya ukanda kwa senti tano tu, na utambi ni mrefu. Kesho yake inafunga 49.30 kwa volyumu 1,000,000. Tazama hapo: volyumu ya kushuka imezidi ya kuvunja. Walionunua juu wamenaswa na wanatoka. Hiyo ni feki, na bei inashuka mpaka 48.20.

Jaribio la pili, siku kumi baadaye: inafungua 49.70, inafunga 51.20, kilele 51.30. Volyumu 1,920,000, mara 2.4. Imeuacha ukanda kwa zaidi ya pointi moja. Bado sijanunua.

Siku tatu zinazofuata inafunga 51.00, kisha 50.60, kisha 50.25. Volyumu ni 900,000, halafu 640,000, halafu 510,000. Siku ya tatu imegusa 49.95 mchana, ndani ya ukanda, ikafunga juu. Hiki ndicho ninachokitafuta: bei inashuka na volyumu inakauka. Wauzaji wapo wachache. Dari imeanza kuwa sakafu.

Siku ya nne inafunga 50.95, juu ya kilele cha siku iliyotangulia, volyumu 860,000. Sasa ndiyo nanunua. Stoplosi 49.60, chini ya ukanda wote na chini ya ile 49.95. Hatari ni 1.35 kwa hisa. Kimo cha eneo lililozungukwa ni pointi 4, lengo ni 54, faida tarajiwa 3.05. Hiyo ni mara 2.26 ya hatari. Akaunti ya 10,000 inayokubali kupoteza asilimia 1 inanunua hisa 74.

Kijana wa Pipsi angenunua 51.20 siku ya kuvunja, stoplosi 49.50 chini ya mshumaa wenyewe. Hatari 1.70, faida 2.80, mara 1.65 tu. Na angekaa siku nne anaona hasara.

Kijana wa Pipsi
Mama, hesabu nimeikubali. Ila umechagua mfano uliorudi. Ule usiorudi kabisa unausemaje? Zile zenye nguvu kuliko zote ndizo hazigeuki nyuma. Kwa hiyo anayesubiri ritesti anabaki na zile dhaifu.

Mama Mizani
Hapo umenibana, na sina jibu safi. Kusubiri kuna gharama, na gharama yenyewe ni hizo zilizoondoka. Nakubali kuzikosa kwa sababu stoplosi yangu huwa fupi na nimeshaona wauzaji wamekauka. Ila sisemi kwamba zote zitarudi.

Fundi Rejista
Kuna wanaogawa: nusu siku ya kuvunja, nusu kwenye ritesti. Shida yake ni kwamba brekauti feki inakula nusu, na ya kweli isiyorudi inakupa nusu. Ukigawa, hesabu hatari ya nusu zote mbili kwa pamoja kabla hujaanza. Watu wengi huhesabu ya kwanza, ya pili wakaiongeza kwa hamasa.

Nirudi kwenye wastani wa 20. Kwenye chati ya siku unafaa. Ndani ya siku unadanganya, maana hisa huwa na volyumu kubwa soko likifunguliwa na likikaribia kufungwa, katikati panalala. Brekauti ya nusu saa ya kwanza itaonekana mara 3 ya wastani hata kama ni ya kawaida kabisa kwa saa hiyo. Ile ya mchana itaonekana hafifu hata kama ni nzito kwa wakati wake. Linganisha mshumaa wa saa fulani na saa hiyohiyo ya siku zilizopita.

Kwa chati ya siku, hii ya TradingView inatosha:

```
//@version=5
indicator("Uwiano wa volyumu")
plot(volume / ta.sma(volume[1], 20))
hline(1.5)
```

Ile `[1]` inautoa mshumaa wa leo kwenye wastani. Ukiuacha ndani, nguzo kubwa inajipandishia wastani wake na uwiano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Halafu usiusome kabla mshumaa haujafunga, maana volyumu ya nusu siku si ya siku nzima.

Dhahabu Tupu
Swali la mwisho kwangu. Bei ikirudi ikafunga ndani ya ukanda, siyo chini yake, nihesabu imefeli? Mfano wa Mama, kama siku ya tatu ingefunga 49.90.

Mama Mizani
Ningeangalia volyumu ya siku hiyo. Ikiwa 500,000, nasubiri siku moja zaidi. Ikiwa 1,500,000 au inakaribia ile ya kuvunja, naifuta kwenye orodha hata kama haijafika chini ya 49.80.

Fundi Rejista
Mimi naifuta zote mbili. Rezistansi iliyogeuka sapoti haipaswi kukubali bei ifunge ndani yake. Ikipanda tena na kufunga juu, naihesabu kama jaribio jipya, na volyumu naipima upya.

Msoma Chati
Hapo mmepishana. Mwenye chati ya siku iliyofunga ndani ya ukanda kwa volyumu ndogo aiweke hapa, pamoja na mishumaa mitano iliyofuata.

Mgeni Mpole
Naweka 0.01, basi.