Kuhariri tafsiri ya mashine: nilipwe kwa neno, kwa saa, au niikatae kazi?

Njiro_Tafsiri
Wadau, habari za jioni. Kuna mteja ana maneno 18,000, ameshayapitisha kwenye mashine, anataka "uhariri mwepesi" tu. Anatoa shilingi 30 kwa neno, au nimtajie bei yangu ya saa. Nikitafsiri mwenyewe natoza 80. Lipi lina nafuu? Anataka jibu kesho asubuhi.

Kalamu Kavu
Mkuu, hujasema ni lugha gani kwenda lugha gani, maandishi ya nini, na nani atayasoma. Unataka tupige ramli?

Mzee wa Sakina
Chukua. Mwepesi ni kurekebisha herufi na nukta, siku mbili umemaliza. Laki tano na arobaini si ya kuacha, na ada hizi za shule.

Mama Rau
Shikamoo mzee wangu, ila hapo naomba nikupinge. Hata kwenye mwepesi maana lazima iwe sahihi, kisiachwe kitu wala kisiongezwe. Unachoruhusiwa kuvumilia ni sentensi isiyo na ladha. Kamili ndio ule unaotakiwa usomeke kama kazi ya mtu, na kiwango cha ISO 18587 cha 2017 kinazungumzia huo. Kwa hiyo kote kuwili utasoma chanzo mstari kwa mstari.

Njiro, usiku huu toa maneno 300 katikati ya faili, maana kurasa za mwanzo huwa nyepesi. Yahariri ukiwa umewasha saa. Kisha utuambie ukitafsiri mwenyewe unafikisha maneno mangapi kwa saa.

Njiro_Tafsiri
Samahani wadau. Ni Kiingereza kwenda Kiswahili, fomu za ridhaa za utafiti wa dawa, mteja yuko Moshi. Nimepima: maneno 300 yamekula dakika 40. Nikitafsiri mwenyewe naenda kama 300 kwa saa. Mashine imeandika washiriki watapangwa "mkono wa pili", yaani kundi la pili. Na pale fomu inapomwambia mtu kwamba halazimiki kujiunga, imeandika "hutakiwi kujiunga".

Halafu anataka nisaini cheti kwamba tafsiri ni sahihi.

Mama Rau
Basi hesabu hiyo hapo. Dakika 40 kwa 300 ni maneno 450 kwa saa. Mara 30 unapata 13,500. Ukitafsiri mwenyewe saa hiyohiyo inakupa 24,000. Ili 30 ikulipe sawa ungehitaji maneno 800 kwa saa, na kwa maandishi ya namna hii hufiki.

Lakini hata angeongeza hela, uhariri mwepesi pamoja na cheti ningekataa. "Hutakiwi kujiunga" ni Kiswahili safi kabisa, jicho linapita. Mgonjwa ataisoma kama anakatazwa, na sahihi chini ni yako. Mwambie ama uhariri kamili kwa 55, ama utafsiri upya.

Kibo2
Jihadhari pia wasikuletee malipo ya "kiasi cha mabadiliko". Kuna wakala alinipa vibandiko vya dawa za kunyunyizia mimea. Programu yao inalinganisha matokeo ya mashine na ulichorudisha, unalipwa kwa herufi ulizogusa. Sehemu moja ilisema "nyunyizia wakati wa maua" na chanzo kilikataza. Nikaweka "usinyunyizie". Herufi nne! Kuigundua ilibidi nirudi kwenye chanzo, nisome na jedwali la vipimo. Sentensi ambazo hazikuwa na kosa nilizisoma zote vilevile, zikahesabiwa karibu na sifuri. Nilipolalamika wakasema mfumo ndio umehesabu. Nimelipwa robo ya niliyotarajia, tena baada ya kukumbushia mpaka nikachoka.

Kalamu Kavu
Ndiyo maana mimi nasema saa, saa, saa. Matokeo yakiwa mabovu, hasara ni ya mwenye mashine.

Mzee wa Sakina
Saa inamwadhibu anayejua kazi. Mwepesi wa mikono analipwa kidogo kuliko mzembe. Na mteja gani wa hapa Arusha atakubali saa zisizo na ukomo?

Kalamu Kavu
Unamwekea ukomo, mzee. Saa zikifika kiasi fulani unasimama, unampa taarifa.

Mzee wa Sakina
Na ukisimama fomu iko nusu?

Binti_Majengo
Samahani, mimi nina video za watalii zinahitaji maandishi chini. Hizo nazo mnatoza kwa neno?

Mama Rau
Hizo kwa dakika ya video, mwanangu. Fungua uzi wako tukujibu vizuri.

Njiro_Tafsiri
Nimemwandikia: kamili kwa 55, cheti kiwe kwa uhariri kamili peke yake. Amejibu ataongea na bosi wake. Ameuliza pia kama bei yangu ni kabla au baada ya kukata ile asilimia 5 ya zuio.

Kibo2
Kabla! Na mdai cheti cha zuio siku hiyohiyo, la sivyo TRA utaenda na maneno matupu.

Kalamu Kavu
Hapo kwenye zuio mnisaidie na mimi, kuna mmoja ananikata tangu mwaka jana na sijaona karatasi yoyote.