Tupeane uzoefu: jaji kasema wimbo "mzuri ila unapwaya"

Kinyonga wa Tororo: Kuna dada hapa mtaani karudishiwa wimbo wake wa mashindano, "Chai ya Malaba", pamoja na barua ya jaji. Ubeti wa kwanza huu:

Chai yangu ya Malaba
imepoa kwenye chupa
malori hayasogei
na wewe bado hujaja

Jaji kaandika: "Hapa nimeona kila kitu. Ubeti wa pili umenipoteza." Mliozoea barua hizi, anataka nini?

Mpiga Zeze: Tuwekee huo wa pili.

Kinyonga wa Tororo: Unaanza "Maisha ni safari ndefu yenye changamoto nyingi".

Mpiga Zeze: Jaji kamhurumia! Mistari ya kwanza ina silabi 8 kila mmoja. Huu una 17. Mwimbaji ataukimbiza kama mnadishaji wa mitumba, na nusu ya maneno yatamezwa. Ila hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba chupa na foleni vimetoweka, umebaki msemo unaokaa kwenye wimbo wowote. Asitafute busara. Arudi palepale barabarani, asogeze saa tu:

Lori lako limefika
anaendesha mwingine

8 na 8, na kisa kimesonga.

Nalongo: Ayii! Dereva kafa?

Boda wa Busia: Kafa wapi, kapata mke Eldoret.

Nalongo: Kwa hiyo lori kaliacha kwa mapenzi? Tajiri kamfukuza huyo.

Mtumishi: Mimi wangu wa injili jaji kaukata kwa kukosa kiitikio. Mbona nyimbo za kadongo kamu husimulia tu mpaka mwisho?

Mpiga Zeze: Sebo, kadongo kamu hubebwa na kisa, kila ubeti unakufanya uulize kikatokea nini. Wako una kisa, au ni sifa tupu? Huyu dada kiitikio anacho, ila ni "nakupenda milele", na chai haimo. Jina la wimbo lisiposikika kwenye kiitikio, msikilizaji ataushikia wapi? Aimbe "chai yangu imepoa". Mara ya kwanza ni mtu kachelewa tu. Baada ya lile lori kufika, maneno hayohayo yanauma.

Nalongo: Mie hiyo "nakupenda milele" ningeibakiza. Watu arusini wanaipenda.

Boda wa Busia: Badala ya "anaendesha mwingine", aandike "dereva ni mtu mwingine". Ni 8 pia, na inaeleweka upesi.

Mpiga Zeze: Ni 9. Hiyo "m" ya "mtu" huimbwa peke yake, m-tu.

Boda wa Busia: Studio tunaibana, hakuna atakayejua.

Mpiga Zeze: Jaji anasoma karatasi, hasikii ya studio.

Mtumishi: Na kama kaambatisha sauti?