Naomba ushauri: namba zisizoshiriki kigawo na 60

Wakuu, naomba msaada. Natafuta namba chini ya 60 ambazo hazina kigawo cha shirika na 60 zaidi ya 1. Vigawo tasa vyake ni 2, 3 na 5. Nikiondoa shufwa zinabaki 30. Katika hizo, vigawe vya 3 ni 10, zinabaki 20. Vigawe vya 5 vilivyosalia ni 5, 25, 35 na 55 tu, hivyo jibu ni 16, sawa kabisa na 60 × 1/2 × 2/3 × 4/5.

Ila nikihesabu mpaka 100, sehemu zilezile zinatoa 26.67, wakati kwa mkono napata 26. Kikomo kisipogawanyika kwa 30, mnatumia njia gani?